Mpangaji amepigwa na shoti ya umeme: je, mwenye nyumba analipa?

SWALI: Assalamu alaykum, Shehe. Nina vyumba vya kupangisha Kisenyi, Kampala. Mpangaji mmoja aliniambia swichi ya bafuni inamng'ata, nikamjibu nitamleta fundi mwisho wa mwezi. Wiki ya tatu akapigwa na shoti, vidole viwili vikaungua na hawezi kufanya kazi. Mkataba wetu unasema kila mpangaji anaingia kwa hatari yake, na nyumba ina breka. Je, nina deni kwake kisheria ya dini?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, naona una deni, na lililolithibitisha ni ile taarifa aliyokupa.

Mafakihi wa zamani hawakuujua umeme, lakini waliujadili sana ukuta ulioinama. Kwa Mahanafi, mwenye ukuta akionywa na mwenye haki ya kumwonya, akapata muda wa kutosha wa kuubomoa na asifanye hivyo, basi ukimwangukia mtu yeye ndiye mdhamini, yaani anawajibika kulipa. Sisi Mashafii, ambao ndio wengi Afrika Mashariki, katika suala hilo la ukuta ni wepesi zaidi kwa mwenye mali: ukijengwa wima kisha ukainama wenyewe, kauli yenye nguvu ni kwamba hadhamini. Usikimbilie kauli hiyo. Imamu Nawawi, katika Minhaj, ametaja pia mtu aliyechimba kisima kwenye ukumbi wa kuingilia nyumbani kwake, kisha akamwita mgeni, akatumbukia. Kauli iliyo dhahiri zaidi ni kwamba mwenyeji anadhamini, ingawa alichimba ndani ya mali yake, kwa sababu alimwita mtu mahali penye hatari isiyoonekana. Waya wa moto uliochubuka nyuma ya swichi unafanana zaidi na kisima hicho kuliko ukuta, kwani ukuta ulioinama kila mpita njia anauona.

Ungekuwa hukujua, na ulimwajiri fundi mwenye kibali, ningesita kukutwika mzigo huu. Na kama mpangaji ndiye aliyejivutia waya mwenyewe au kuifungua swichi, lawama ingemrudia yeye, kwa kuwa mtendaji wa moja kwa moja hutangulizwa mbele ya aliyesababisha. Hapa swichi ni ya nyumba, na umeme hauna hiari ya kubebeshwa kosa.

Hiyo breka isikupe utulivu. Breka ya kawaida ya ampea 20 inalinda waya zisiungue. Hailindi mwili. Ampea 0.1 ikipita kifuani inaweza kuua, na breka hiyo haitashtuka hata kidogo. Inayomlinda mtu ni ile inayokata umeme unapovuja, ambayo kwa kawaida huwekwa ikate kwenye ampea 0.03, pamoja na waya wa athi uliofungwa sawasawa. Swichi kung'ata bafuni, penye mikono yenye maji, ilikuwa dalili tosha. Ulipaswa kuuzima umeme wa bafuni siku hiyohiyo, hata kama fundi angekuja baadaye. (Taa ya betri bafuni kwa wiki mbili si dhiki kubwa.)

Kuhusu sharti la mkataba: Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema Waislamu wako juu ya masharti yao, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Tena kwa Mashafii, kusamehe haki ambayo bado haijawajibika hakusihi. Alipotia saini hakuwa ameumia, basi alisamehe nini? Serikali nayo, kwa Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022, inakutaka upangishe nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu.

Sasa malipo. Kidole kikikatika kabisa, diya yake ni ngamia kumi kati ya mia za diya kamili. Jeraha lisilokuwa na kiwango maalumu, kama kuungua, lina fidia ya makadirio iitwayo hukuma, na kwa Mashafii hukadiriwa baada ya jeraha kupona, ili ijulikane kilichobaki: kovu tu, au kidole kisichokunjika. Kwa hiyo usimharakishe kutia saini kwamba amelipwa yote. Gharama za hospitali lipa sasa. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanazihesabu juu ya aliyesababisha. Kipato alichokosa kina ikhtilafu, nami napendelea mkae na kusuluhishana mbele ya imamu wa msikiti wenu au mwenyekiti wa LC1, kila kitu kikiandikwa.

Kodi ya mwezi huu usimdai kwa siku ambazo chumba hakikukalika, wala usimhesabie msamaha huo kuwa ndiyo fidia, kwani hizo ni haki mbili tofauti. Akitaka kuuvunja mkataba kwa ajili ya kasoro hiyo, ana hiari. Na wapangaji wa vyumba vingine waambie leo kilichotokea, maana kama vyumba vyote vilifungwa waya na fundi mmoja, umeshaonywa kwa vyote.

Wallahu aalam.