Bima kukataa kutengeneza gari: hesabu ya hasara kamili inavyopigwa

"Wakuu, Rav4 yangu ya 2004 imegongwa mbele. Fundi wangu anasema milioni 6 inarudi barabarani. Bima wameandika ni hasara kamili, matengenezo 9,204,000, na wananipa 13,500,000 wakati nimekatia bima ya milioni 18. Bima kubwa, nimelipia yote. Hii hesabu wameitoa wapi?"

Mkuu, pole kwa ajali. Nimefanya kazi idara ya madai kwenye kampuni ya bima hapa Dar kwa miaka kadhaa, na barua kama yako nimeandika nyingi. Hesabu yao inafuatika, ila kuna namba moja ndani yake unayoweza kuibishia.

Tuanze na fundi wako. Anakupigia bei ya spea za mtumba za Ilala na nguvu ya mikono yake, hana VAT wala risiti ya EFD. Asesa wa bima anachukua makadirio ya gereji iliyosajiliwa, ambayo lazima itoe risiti na kusimama nyuma ya kazi yake. Kwa namba yako naona picha ya aina hii: spea kama milioni 5.8, ufundi na rangi milioni 2, jumla milioni 7.8, ukiweka VAT ya 18% unapata 9,204,000 kamili. Gari ni lile lile, linapigiwa bei mbili tofauti.

Halafu kuna uharibifu ambao hauonekani gari likiwa limefungwa. Gari likigongwa mbele, asesa anaona boneti, taa, rejeta na bampa. Bampa likitolewa ndipo unaona zile pau mbili za chuma zinazotoka chini ya kioo kwenda mbele kushika injini. Ukiona rangi yake imepasuka kwa mistari midogo, au chuma kimejikunja kama karatasi iliyofinywa, jua bodi imepinda na inahitaji mashine ya kunyoosha. Kama eabegi zimefyatuka, dashibodi, mikanda na kompyuta yake vyote vinaingia kwenye bili. Ndiyo maana kampuni huongeza akiba juu ya makadirio ya kwanza. Tuchukue 10% kwa mfano wako: inafika kama milioni 10.1.

Sasa uamuzi. Thamani ya gari lako kabla ya ajali wameiweka milioni 15 (nitakuonyesha chini nimejuaje). Tuseme wanunuzi wa magari ya ajali wameahidi milioni 5 kwa mabaki kama yalivyo. Kampuni ikitengeneza inatoa milioni 10.1 na hatari ya bili kupanda tena. Ikikulipa thamani yote na kuuza mabaki inabaki na mzigo wa milioni 10. Hapo haiwezi kuchagua matengenezo. Pembeni kuna kipimo cha haraka: matengenezo yakipita asilimia fulani ya thamani, gari linaandikwa hasara kamili. Mara nyingi nimeona ikiwekwa nusu au 60%, kila kampuni na yake. Yako ni 9.2 kwa 15, sawa na 61%. Hivyo hata gari linalowaka na kutembea linaweza kuwa hasara kamili, kwa sababu kinachopimwa ni fedha.

Kuhusu milioni 18. Hiyo uliyoandikisha ni dari la malipo. Bima ya kawaida ya gari inakurudisha pale ulipokuwa dakika moja kabla ya ajali, kwa hiyo inalipa kilicho kidogo kati ya ulichoandikisha na bei ya soko siku ya ajali. Isipokuwa mkataba wako umeandikwa thamani iliyokubaliwa. Fungua ile karatasi ya jedwali la bima yako uangalie; kama neno hilo lipo, unawadai hesabu ya milioni 18 na mjadala umeisha hapo.

Kama halipo, wameanza na milioni 15 wakatoa eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Ukichukua 13,500,000 ukagawa kwa 0.9 inatoka milioni 15 kamili, kwa hiyo eksesi yako inaelekea ni 10% ya dai. Hakikisha kwenye mkataba. Kama gari lina mkopo, benki iliyoandikwa kwenye bima inalipwa kwanza, wewe unapata kinachobaki. Na usitegemee kurudishiwa ada ya miezi iliyobaki. Bima ikishalipa hasara kamili, inahesabika imemaliza kazi yake.

Namba ya kubishia ni hiyo milioni 15. Omba ripoti ya asesa kwa maandishi, na uone ametumia magari gani kulinganisha. Nimeona ripoti zinazolinganisha gari la injini kubwa na la injini ndogo, au zinazokata thamani kwa "hali ya wastani" wakati mwenye gari ana kumbukumbu zote za sevisi. Kusanya bei za yadi na matangazo ya Rav4 ya 2004, injini sawa, kilomita zinazokaribiana, angalau tatu nne. Ongeza gharama ya kuagiza lile lile leo kutoka Japani pamoja na ushuru. Kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika kitakupa kodi. Ile thamani ya TRA yenyewe usiiite bei ya soko, wataikataa, ni ya kukadiria kodi tu. Weka na risiti za matairi mapya au injini kama ulifanya, na picha za gari kabla ya ajali.

Ukifanikiwa kuipandisha hadi milioni 16.5, malipo yanakuwa 14,850,000. Lakini angalia upande wa pili kabla hujaanza: 9.2 kwa 16.5 ni kama 56%. Kama kampuni yako inatumia 60%, unaweza kushinda hoja ya thamani halafu wakakuambia basi tunalitengeneza. Uliza kipimo chao kwanza, ndipo uamue unataka fedha au gari.

Kuhusu kubaki na mabaki: unaweza kuomba, na watakata bei ya juu kabisa ya zabuni za wale wanunuzi wa magari ya ajali. 13.5 toa 5, unapata milioni 8.5 na gari lililogongwa. Kwa milioni 6 za fundi wako inavutia, ila mwambie kwanza atoe bampa aziangalie zile pau, eabegi naye asiziruke. Omba pia kuona zabuni zenyewe, maana zabuni ikiandikwa juu kuliko ukweli, anayekatwa ni wewe.

Usisaini hati ya kumaliza dai, wala kukabidhi kadi ya gari, kabla haya hayajaisha. Sahihi yako pale inamaanisha umepokea malipo yote na huna dai lingine. Wakigoma kukupa ripoti au kujibu hoja zako, andika barua ya malalamiko kwao, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ndiyo utakayoanzia nayo TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Weka hapa ukurasa wa jedwali la bima yako, ficha jina na namba ya gari, nikuangalizie eksesi.