CK imeshuka lakini miguu haina nguvu

"Mama ana polimayosaitisi, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia misuli, CK, kipimo cha damu kinachopanda misuli ikiharibika, ilikuwa 5,200 ikarudi kawaida kwa predinisoloni, sasa mwezi wa tatu kunyanyuka kwenye kiti hawezi tena, tuongeze dozi?"

Hapana dada, subiri kwanza. Anayesema eti CK ikiwa kawaida ugonjwa umelala yuko sawa nusu, kuna wengine misuli inaungua na CK imetulia tu, ila kwa mama ilipanda sana mwanzoni kwa hiyo ungetegemea ipande tena. Steroidi yenyewe, yaani hiyo predinisoloni, inakula misuli ya mapaja na nyonga, taratibu, bila maumivu na bila kugusa CK. Mwambie alale chali anyanyue kichwa kwenye mto, akishindwa, au kumeza kunamsumbua, nashuku ugonjwa, shingo ikiwa na nguvu nashuku dawa. Wakikata kipande cha msuli kukipima, yaani bayopsi, ya ugonjwa inaonyesha seli za kinga zimevamia nyuzi za misuli, ya steroidi ni nyuzi za aina ya 2 zimesinyaa tu, na wapo wenye vyote viwili. Daktari akipunguza dozi polepole na nguvu zikarudi baada ya wiki kadhaa, ndo jibu hilo, ilikuwa dawa, ila asiache ghafla jamani.