Kwenye mkondo wa uzalishaji, soma hatua, usisome nukta

Katika mtihani wangu wa kwanza wa uchumi nilikosa swali ambalo nilikuwa na hakika nalo. Mkondo wa uwezekano wa uzalishaji, yaani mchoro unaoonyesha kiasi kikubwa kabisa cha vitu viwili ambacho nchi inaweza kutengeneza kwa pamoja, niliuchora vizuri: mihimili ina majina, mstari umebinuka kwenda nje. Kisha nikaulizwa gharama ya fursa, yaani kile kinachoachwa ili kupata kingine, ilikuwa kiasi gani pale kwenye nukta D. Nikafuata nukta hiyo hadi kwenye mhimili, nikaandika namba niliyoikuta. Nimekuja kufundisha somo hilohilo kwa miaka kadhaa, na kosa hilo ndilo ninalokutana nalo kuliko jingine lolote. Kwa hiyo leo nataka tuujenge mkondo wenyewe, kwa sababu aliyeujenga kwa mkono wake hasomi vibaya.

Chukua nchi ya kufikirika inayotengeneza vitu viwili tu: nafaka, inayopimwa kwa magunia, na vitambaa, vinavyopimwa kwa majora. Ina makundi matano ya wafanyakazi, kila kundi na shamba lake. Kundi lolote likipelekwa kufuma, linatoa majora 10. Lakini mashambani hawalingani. Kundi la kwanza limeangukia ardhi ya mawe, linavuna magunia 10 tu. La pili linavuna 20, la tatu 30, la nne 40, na la tano, lenye udongo mzuri kuliko wote, linavuna 50. Wote wakilima, nchi ina magunia 150 na haina kitambaa hata kimoja.

Sasa vitambaa vinahitajika. Nani aache jembe kwanza? Bila shaka kundi la kwanza, maana kuondoka kwake kunapunguza magunia 10 tu. Akihitajika mwingine, linafuata la pili, na kuendelea. Ukiandika kila hatua unapata nukta sita:

A: majora 0, magunia 150
B: majora 10, magunia 140
C: majora 20, magunia 120
D: majora 30, magunia 90
E: majora 40, magunia 50
F: majora 50, magunia 0

Huo ndio mkondo wetu. Rudi sasa kwenye swali lililonishinda. Pale D kuna magunia 90, na hiyo ndiyo namba niliyoiandika. Lakini magunia 90 ni nafaka ambayo nchi bado inayo, na kitu ulichonacho hakiwezi kuwa gharama yako. Gharama ni kile ulichokiacha, na ulichokiacha huonekana tu ukilinganisha nukta mbili. Kutoka C hadi D magunia yameshuka kutoka 120 hadi 90. Yamekwenda 30, na kilichopatikana ni majora 10, kwa hiyo kila jora katika hatua hiyo limegharimu magunia 3.

Hapa swali linaweza kukugeuka bila wewe kugundua. Ukiulizwa gharama ya majora yote 30 tangu mwanzo, unatoka A: 150 kutoa 90, jibu ni magunia 60, yaani wastani wa magunia 2 kwa jora. Ukiulizwa gharama ya jora moja zaidi ukiwa tayari D, unatazama mbele kuelekea E: magunia 40 kwa majora 10, sawa na magunia 4 kwa kila moja. Mbili, tatu, nne: zote ni sahihi, kila moja kwa swali lake. Ndiyo maana nawaomba wanafunzi waandike “kutoka wapi hadi wapi” kabla ya kugusa hesabu.

Ukipanga gharama za jora moja kwa hatua zote unapata magunia 1, 2, 3, 4, 5. Mbinuko wa mkondo ndio huo. Wengi hukariri kwamba gharama inapanda kwa sababu wafumaji wanachoka au hawana ujuzi, ila katika mfano wetu kila kundi linafuma sawasawa hadi la mwisho. Kinachobadilika ni shamba linaloachwa. Mwanzoni unaacha mawe, mwishoni unaacha udongo bora kuliko wote. Kama mashamba yote yangekuwa sawa, kila hatua ingegharimu magunia yaleyale na mstari ungenyooka kama rula.

Jipime kwa kuusoma kinyume. Anzia F, ambako wote wanafuma, na utake nafaka. Kundi la tano likirudi shambani unapata magunia 50 kwa kuacha majora 10, yaani kila gunia linagharimu sehemu moja ya tano ya jora. Malizia kwa hatua ya B hadi A: magunia 10 kwa majora 10, gunia kwa jora zima. Gharama ya nafaka nayo imepanda. Mkondo uliobinuka nje unapandisha gharama ukiufuata upande wowote, na kama hesabu yako inaonyesha inapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili, basi umegawanya namba kichwa chini.

Kuna jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote katika mada hii. Tuseme mtu amekosea mpangilio, akapeleka kundi la tano kufuma kwanza. Nchi ina majora 10 na magunia 100. Hakuna aliyekaa bure, kila mtu anatoa jasho, lakini nukta hiyo imelala ndani ya mkondo, kwa sababu majora 10 hayohayo yangeweza kuambatana na magunia 140. Vitabu vingi vikieleza nukta za ndani hutaja ukosefu wa kazi, na wanafunzi huondoka na wazo kwamba watu wote wakiwa kazini nchi iko kwenye mkondo wenyewe. Sivyo. Kazi inaweza kujaa na bado watu wakawa mahali pasipowafaa. Badilisha kundi la tano na la kwanza, unapata magunia 40 bila kuacha hata jora moja, na kwa hatua hiyo gharama ya fursa ni sifuri. Ukiona nukta ndani ya mkondo, usikimbilie kugawanya chochote. Uliza kwanza ni nini kinaweza kuongezeka bure.

Jambo la mwisho ni mkondo unapohama. Tuseme unakuja mtambo wa kufumia unaofanya kila kundi litoe majora 20 badala ya 10. Upande wa nafaka mkondo unabaki palepale kwenye 150, na upande wa vitambaa unafika 100. Jora la kwanza sasa linagharimu nusu gunia, hilo kila mtu analiona. Lisiloonekana haraka ni kwamba nafaka imekuwa ghali. Gunia la kundi la tano, lililogharimu sehemu moja ya tano ya jora, sasa linagharimu sehemu mbili za tano, na mashambani hakuna kilichobadilika: udongo uleule, mavuno yaleyale. Mkulima wa kundi hilo anavuna kama alivyovuna jana, ila saa zake sasa zina kitu kikubwa zaidi cha kuachwa. Mwanafunzi akiulizwa nini kimetokea kwa gharama ya nafaka na akajibu “hakuna, kwa sababu teknolojia imegusa vitambaa tu,” namrudisha kwenye nukta E na F, ambazo sasa zina majora 80 na 100, na kumwomba apige hesabu upya.