Jibu: gradienti inatoka 50 badala ya 1:20

"Ramani ni 1:50,000, A hadi B nimepima sentimita 6.4. A ipo mita 1,460, B mita 1,300. Napata gradienti 50, majibu yanasema 1:20. Nakosea wapi?"

Habari ndugu. Angalia vizio kwanza. Umegawa mita 160 kwa kilomita 3.2, ndiyo maana ikatoka 50. Nami nilipoteza alama hapo hapo kwenye mtihani wa majaribio.

Kwenye skeli hiyo sentimita 1 ni mita 500 ardhini, kwa hiyo 6.4 × 500 ni mita 3,200. Sasa vizio vinafanana: 160/3,200 = 1/20. Maana yake, kila mita 20 za mlalo unashuka mita 1. Acha jibu kama uwiano, usiandike kizio.

Kabla ya kukokotoa, hakiki urefu wa A. Kontua zikipishana mita 20, ile nene huja kila baada ya mita 100. Kutoka nene ya 1,400 hesabu nyembamba tatu kwenda juu: 1,420, 1,440, 1,460. Namba za kontua zikipungua, unahesabu kuelekea bondeni, geuza. Nukta ikiwa katikati ya kontua mbili, kadiria nusu, yaani mita 10.

Jambo jingine: kwa gradienti, pima kwa rula mstari ulionyooka kutoka A hadi B. Uzi au ukingo wa karatasi ni wa swali la urefu wa barabara iliyopinda. Ukiutumia hapa, umbali utazidi na mteremko utaonekana mdogo kuliko ulivyo.