Fundi nataka nirekodi video ya pedi za breki, niseme nini?

"Shikamoo mkubwa. Nina gereji ndogo Tabata, nataka nirekodi video fupi kuwaonyesha wateja jinsi ya kujua pedi zimeisha. Nimeanza kwa kuwaambia wachungulie kwenye matundu ya rimu, wakiona pedi bado nene wako salama, na kama breki hazilii hamna shida. Nimalizieje kwa maneno rahisi ambayo mtu asiye fundi ataelewa?"

Marahaba mdogo wangu. Video ni wazo zuri, ila hiyo mistari yako miwili ya mwanzo ifute kabla hujaanza kurekodi, maana ndo hiyo inayoniletea magari yenye diski zimechimbika kila wiki.

Ukichungulia kwenye rimu unaona pedi ya nje tu. Pedi ya ndani, ile iliyokaa upande wa injini, huioni kabisa hadi tairi litoke na hata likitoka inabidi uinamishe kichwa. Na hizi gari ndogo zetu, IST, Vitz, Ractis na wenzake, kalipa ya mbele, kile chuma kinachozibana pedi kwenye diski, ina pistoni moja tu nayo iko ndani. Ukikanyaga breki pistoni inaisukuma pedi ya ndani kwanza, halafu mwili mzima wa kalipa unateleza kwenye pini zake mbili na kuivuta pedi ya nje ije ibane na yenyewe. Sasa pini zikikauka grisi au zikashika kutu kalipa haitelezi tena, pedi ya ndani inafanya kazi peke yake na ya nje imekaa inatazama. Na hapa Dar pini zinaharibika haraka kuliko watu wanavyodhani, mtu anapita kwenye maji ya Jangwani mvua ikinyesha, mwingine anakaa Kigamboni na ule upepo wa chumvi, kimpira cha pini kikishachanika kidogo tu basi maji na mchanga vinaingia.

Nikupe gari moja uone. Ilikuja IST, mwenye gari ni dada mmoja anakaa Kimara, analalamika gari inavuta upande ikishika breki kwenye mteremko wa kushuka Ubungo. Kabla ya hapo breki za mbele zililia muda, akapeleka kwa fundi mtaani kwake, yule fundi akafungua tairi, akapiga pedi msasa, akafunga, kelele zikaisha. Baada ya muda taa nyekundu ya breki ikawa inawaka kwenye dashibodi akikata kona, akarudi kwa fundi yuleyule, safari hii akaongezewa mafuta ya breki na taa ikazima. Dada karidhika kabisa. Nilivyochungulia kwenye rimu ya kulia pedi ya nje ilikuwa na nyama, ile sehemu inayosuguana na diski, ya milimita 6 hivi, yaani kwa kipimo chako wewe yuko salama. Nikafungua. Pedi ya ndani imebaki bati tupu, hata gundi hamna, chuma kinakula chuma na diski upande wa ndani ina mifereji unaweza kukwamisha ukucha. Pini ya chini nimeitoa kwa kugonga.

Angalia yule fundi alivyopewa taarifa mara mbili na mara zote mbili akaifukia. Mlio wa kwanza, kama pedi ina kile kibati cha kukwaruza, ndo kazi yake, kimewekwa pale makusudi kiguse diski nyama ikibaki kama milimita 2 kipige kelele. Wengine hawapigi hata msasa, wanakikunja tu kile kibati kwa plaizi, mteja anashukuru na anaacha na hela ya soda. Na taa je? Pedi zikiisha pistoni inatoka mbele zaidi kufidia, mafuta yanashuka kwenye kikopo yanaenda kujaza nafasi nyuma ya pistoni, ndo maana taa inaanza kuwaka kwenye kona au mteremko mafuta yakiegemea upande mmoja. Mafuta ya breki hayanywewi kama petroli. Yakipungua ni pedi zimekwisha au kuna sehemu panavuja, na vyote viwili vinataka ufungue tairi, siyo ufungue chupa ya DOT 3. Mimi fundi anayeongeza mafuta bila kuangalia pedi huwa simwelewi kabisa, bora angesema sijui.

Haya sasa tuje kwenye video yako. Iweke iwe fupi, kamera iwe karibu na mkono wako siyo uso wako, na ongea huku unashika kitu. Gari iwe kwenye sakafu ngumu, weka jiwe nyuma ya matairi, legeza nati kabla hujapiga jeki, na chini weka stendi, usirekodi watu wanakuona umeingiza kichwa chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake maana wataiga.

Anza tairi likiwa bado limefungwa, elekeza tochi kwenye tundu la rimu. Sema: "Hapa unaona pedi ya nje. Ikiwa imeisha hapa, kweli imeisha. Ikiwa nene hapa, bado hujajua kitu." Huo mstari urudie mara mbili, ndo moyo wa video nzima.

Toa tairi. Geuza usukani mpaka kalipa ikukabili, piga tochi kwenye lile dirisha dogo la juu ya kalipa, pale pedi zote mbili zinaonekana zimeibana diski katikati. Sema: "Hii ya nje, hii ya ndani. Ziangalie kama mapacha. Moja ikiwa nyembamba kuliko mwenzake, pini zimekwama au pistoni hairudi, usibadilishe pedi tu ukaondoka."

Baada ya hapo waonyeshe wapime nini, kwa sababu hapa hata mafundi wanajidanganya. Pedi ina bati la chuma nyuma, peke yake lina milimita 5 au zaidi, mtu akiangalia haraka analihesabu na bati anaona pedi bado nene. Shika pedi kuukuu mkononi karibu na kamera, pitisha kidole kwenye mstari ambapo bati linaishia, sema: "Kuanzia hapa kwenda nyuma ni bati, halihesabiki. Pima nyama tu." Kisha chukua njiti ya kibiriti uilaze pembeni ya ile nyama. Njiti ina kama milimita 2 hivi. Sema: "Pedi mpya ya mbele inakuja na milimita 10 hivi. Ikibaki 3 anza kutafuta hela. Ikilingana na njiti hii gari isitoke." Usiwape habari ya milimita 1 iliyoandikwa kwenye vitabu kama mwisho kabisa, mtu atasikia moja atasubiri moja, na kwa foleni ya Morogoro Road ukishuka toka Mbezi hiyo moja haichukui muda.

Ukitaka kuonyesha pini, fungua bolti ya chini ya kalipa, Toyota nyingi ndogo ni spana 14, nyanyua kalipa juu kama unafungua mdomo, uifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwenye hozi. Na mtu yeyote asikanyage breki wakati huo, pistoni itachomoka utaanza kazi nyingine. Shika pini isukume ndani nje kwa vidole viwili, sema: "Inatakiwa iteleze hivi, kwa mkono. Ikitaka nyundo, hapo ndo pedi zako zinapoisha." Ukirudisha paka grisi ya silikoni ya breki, siyo ile grisi ya beringi, ya beringi inavimbisha kimpira na baada ya muda pini inakwama vibaya kuliko mwanzo. Hiyo grisi ni kitu kidogo tu Kariakoo wanauza, sielewi kwa nini gereji nyingi hazina.

Kwa mteja ambaye hawezi kufungua tairi mpe kitu kimoja cha kufanya mwenyewe. Akifika nyumbani baada ya mwendo wa kawaida apitishe kiganja karibu na rimu za mbele, kulia na kushoto, bila kugusa. Joto likiwa tofauti sana upande mmoja kuna pedi inayoburuza, alete gari. Isipotofautiana haimaanishi pedi ni nzima, wala usiseme hivyo kwenye video.

Kelele ziseme kidogo tu na uziseme vizuri. Breki inaweza kulia na pedi ni mpya, vumbi, au pedi za bei rahisi ngumu kama kigae. Na inaweza kukaa kimya na imeisha, kwa sababu pedi nyingi za bei rahisi hazina kile kibati kabisa, kimya chake mpaka siku utakaposikia mkwaruzo wa chuma na siku hiyo unanunua na diski. Kwa hiyo sema: "Ikilia, fungua uangalie. Isipolia, fungua uangalie kila ukibadilisha oili." Asitokee mtu kwenye video yako na msasa mkononi. Msasa unaondoa ule uso uliong'aa kelele zinapungua, nyama iliyoisha hairudishi, na vumbi lake usilipulize kwa kompresa wala mdomo, futa kwa kitambaa chenye maji.

Ile IST tulibadilisha pedi zote nne za mbele na diski mbili, maana unene wake ulishapita chini ya ile namba iliyopigwa kwenye diski baada ya MIN TH, pini zikasafishwa na vimpira vipya. Nilivyorudisha pistoni ndani, yale mafuta aliyoongezewa yakafurika kwenye kikopo yakamwagika, mafuta ya breki yanakula rangi ya gari, tukawahi kumwagia maji. Tukakanyaga pedali pole pole mpaka ikawa ngumu ndo gari ikashuka kwenye jeki. Hilo la pedali liweke mwisho wa video kwa sauti kubwa, kuna watu wanafunga pedi mpya wanawasha gari wanarudi nyuma, pedali inazama mpaka chini na ukuta uko pale.

Na watakuja wanaokwambia "fundi badilisha upande ulioisha tu, ule mwingine bado". Huwa wanatumwa na hao hao wa msasa. Pedi za mbele zinabadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, asiyetaka mfungie gari yake kama ilivyokuja na umwandikie kwenye risiti kwamba pedi zimeisha.