Mtoto anajibu neno moja tu kwenye kitabu cha picha

“Mwanangu ana miaka 2. Nikimuuliza ‘hii nini?’ anasema ‘mbwa’, basi. Niendelee vipi?”

Mzazi mwenzangu, lichukue neno lake hilo, uongeze moja au mawili tu: “Ndiyo, mbwa anakimbia.” Ukimrudishia sentensi ndefu, hataweza kuiiga. Kisha nyamaza, uhesabu kimoyomoyo hadi 5; wengi wetu tunawahi kujibu kabla mtoto hajalipata neno. Akisema “mbwa kimbia”, usimkosoe, mwambie, “Eeh, mbwa anakimbilia mpira!”

Kesho, kwenye ukurasa uleule, achana na “hii nini?” kwa vitu anavyovijua, umuulize, “Mbwa anafanya nini?” Hapo jina halitoshi, atahitaji kitenzi. Akigeuza uso au kufunua kurasa harakaharaka, maswali yamezidi: soma tu, au mfuate anakoonyesha kidole.