Maswali na majibu: Pendekezo la utafiti limerudishwa, nianzie wapi?

Msimamizi kanirudishia mada yangu "Athari za simu kwa wanafunzi", kaandika pembeni "pana mno" basi, hajasema kingine. Nipunguze wapi jamani?

Punguza kila mahali, maana kila neno hapo halina mipaka. Simu kwa kufanya nini na saa ngapi? Athari kwenye alama, macho, usingizi au pesa? Wanafunzi gani? Tuseme kinachokukera wewe ni usingizi, basi swali linakuwa hivi: "Kuna uhusiano gani kati ya muda wa kutumia simu kitandani usiku na ubora wa usingizi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoishi hosteli za chuo?" Limekuwa refu sawa, lakini ukilisoma unajua uende kwa nani, umpime nini, na jibu likija utalitambua. Mwaka wa kwanza nimewachagua kwa sababu orodha yao inapatikana ofisi ya hosteli na wengi ratiba zao zinafanana, kwahiyo vitu vya kukuvuruga vinapungua.

Halafu athari nimeitoa makusudi. Ukigawa dodoso mara moja tu huwezi kujua kipi kilianza, inawezekana simu ndo inamnyima mtu usingizi na inawezekana vilevile usingizi umegoma ndo akashika simu. Ukitaka kudai athari inabidi uwagawe watu kwa kura makundi mawili, kundi moja simu zikae mbali na kitanda, uwafuatilie wiki kadhaa, au angalau uwapime mara kadhaa kwa muda mrefu. Kwa mtu mmoja mwenye miezi michache hiyo ni kazi nzito, na kwenye utetezi ndo sehemu ya kwanza utakayobanwa.

Shikamoo mwalimu. Mimi nina mada kama hiyo ya simu na usingizi, nimeandika malengo mahususi saba, la mwisho ni "kutoa mapendekezo kwa uongozi wa chuo". Mwenzangu anasema ni mengi, kweli?

Marahaba. Ni mengi ndio, na hilo la mwisho lifute leo leo, mapendekezo yanatoka kwenye matokeo, huendi kuyakusanya kwa watu. "Kupitia machapisho" nalo kama umeliweka litoe, hiyo ni kazi unayoifanya kufikia lengo.

Kwa mada yako matatu yanatosha: kupima muda wa kutumia simu kitandani, kupima ubora wa usingizi, na kuchunguza uhusiano wa hivyo viwili ukizingatia vitu vingine kama idadi ya wanaolala chumba kimoja na unywaji wa kahawa. Sasa chukua karatasi, mbele ya kila lengo andika data gani, inatoka wapi, utaichambuaje. Lengo la pili kwa mfano: data ni alama ya usingizi, inatoka kwenye dodoso la Pittsburgh la ubora wa usingizi (lipo tangu 1989, alama zinaanzia 0 mpaka 21, ikizidi 5 usingizi unahesabiwa mbaya), uchambuzi ni wastani na asilimia ya waliozidi 5. Lengo ambalo mbele yake umekosa cha kuandika, huna njia ya kulifikia, likate. Na swali la dodoso ambalo halirudi kwenye lengo lolote nalo likate, hata kama linavutia.

Ila kuna mtego hapo, wengi hawauoni mpaka data imeshaingia. Dodoso la Pittsburgh linauliza mwezi mzima uliopita, wakati muda wa simu ukiutoa kwenye setingi za simu, pale inapoonyesha muda wa skrini, mara nyingi unachokiona kirahisi ni wiki moja. Unalinganisha wiki na mwezi. Ukimuuliza kwa kumbukumbu "huwa unatumia simu muda gani ukiwa kitandani" vipindi vinalingana lakini watu wanakisia vibaya sana. Mimi ningechukua rekodi ya simu kwa zile saa za usiku, niseme wazi kwenye mipaka ya utafiti kwamba vipindi havilingani, na nisikusanye data karibu na mitihani maana wiki hiyo haifanani na mwezi wowote.

Nimeambiwa sampuli lazima 384 lakini hosteli yetu mwaka wa kwanza wote ni 600. Nitawapata wapi wote hao?

Hiyo 384 si sheria, inatoka kwenye hesabu ya kukadiria asilimia kwa watu wengi sana, uhakika wa asilimia 95, kosa la asilimia 5, na ukichukulia nusu ya watu wana hiyo hali. Watu wako wakiwa 600 unairekebisha:

```
n = 384 / (1 + 383/600) = 234.4
```

Unapandisha inakuwa 235. Halafu kuna watakaogoma au kuacha nusu, ukitegemea mmoja kati ya kumi unagawa 235 kwa 0.9, unaomba watu 262. Lakini lengo lako kubwa kama ni uhusiano basi hesabu ni nyingine kabisa: kuuona uhusiano wa wastani, kigawo cha 0.3, unahitaji kama watu 85, na ukiwa mdogo wa 0.2 kama 194, kwa nguvu ya asilimia 80, yaani uhusiano kama upo una nafasi 80 kati ya 100 ya kuuona. Kwahiyo 235 inakutosha kote kote, na kwenye pendekezo onyesha hesabu zote mbili. Hao 262 wachague kwa kura kutoka kwenye orodha ya vyumba, usisimame mlangoni usiku ukigawa dodoso kwa wanaopita, wa kulala mapema hutawakuta kabisa na ndo nusu ya jibu lako.

Nataka niweke dodoso, mahojiano 20 na vikundi vya majadiliano ili kazi ionekane nzito. Ni sawa?

Nani atayaandika? Piga hesabu: mahojiano 20 ya dakika 45 ni saa 15 za sauti, na saa moja ya sauti kuigeuza maandishi inakula saa nne mpaka sita, hapo ni saa 60 hadi 90 kabla hujachambua hata sentensi moja, vikundi bado hujavigusa, na sauti za watu sita wanaoingiliana ndo balaa lenyewe. Mahojiano weka tu kama kuna lengo ambalo dodoso haliwezi kulijibu, mfano kwanini mtu anajua simu inamkosesha usingizi na bado haiachi. Hapo watu 8 mpaka 12, uwatoe kwenye wale wale waliojaza dodoso, na uache vikundi.

Methodolojia naandika "nilikusanya" au "nitakusanya"? Na kibali cha maadili naomba lini?

"Nitakusanya", hujafanya bado. Utabadilisha ukiandika tasnifu yenyewe. Kibali unaomba pendekezo likishapita na dodoso likiwa tayari, maana kamati itataka kuliona hilo dodoso na fomu ya ridhaa, na wakirudisha kwa marekebisho muda unaenda. Kwenye ratiba kipe mstari wake, kabla ya jaribio la awali, kwasababu hata wale watu 10 au 20 wa kujaribia dodoso ni washiriki, huruhusiwi kuwagusa bila kibali.